Simu ilipokea toleo jipya, ikakwama kwenye nembo, kisha ikarudi toleo la zamani yenyewe. Nini kilitokea?

MamaSalha_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni kutoka Tanga. Nina jambo linaninyima usingizi tangu juzi.

Simu yangu ndiyo ya kazi, nafanyia uwakala wa pesa hapa Ngamiani. Jumamosi asubuhi ilileta ujumbe wa sasisho la mfumo, GB 1.4. Nikaiunganisha na waifai ya jirani, ikashusha na kusakinisha huku naendelea kuhudumia wateja. Sikuona tofauti yoyote zaidi ya simu kupata joto kidogo. Adhuhuri ikaandika kwamba imemaliza, nibonyeze "Zima kisha uwashe". Nikabonyeza.

Ikazima, ikaja nembo ya kampuni, ikabaki hapo hapo. Dakika mbili, kimya. Wateja wamepanga foleni, mmoja anataka kutuma ada ya mtoto. Nikaishika batani ya kuwashia mpaka ikazima, ikawaka tena, nembo tena. Nikarudia. Nikarudia tena. Mwishowe ikafunguka, na kila kitu kipo: namba za watu, meseji za miamala, picha za wanangu. Lakini nilipoingia kwenye mipangilio, toleo ni lile lile la zamani, na chini imeandika kwamba kusasisha kumeshindikana.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja, kaniambia imeingia kirusi na dawa yake ni kuifuta yote. Mimi sina amani na hilo. Simu inafanya kazi, nifute nini? Na lile toleo jipya lililosakinishwa limeenda wapi? Maana lilikuja kwangu kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo.

Chuma_wa_Sahare

Pole dada. Hiyo ni betri. Apdeti haifanywi bila chaja ukutani, wala haifanywi huku simu inatumika. Mimi simu yangu ya zamani umeme ulikatika apdeti ikiwa asilimia 60, betri ikaisha, haikuwaka tena. Mfumo ulikuwa nusu mpya nusu wa zamani. Wewe una bahati imerudi. Usirudie tena, baki na toleo lako.

MamaSalha_Ngamiani

Kaka Chuma, betri ilikuwa 71. Nakumbuka kwa sababu niliitazama kabla ya kubonyeza.

Mzee_wa_Pangani

Mwanangu, mimi natumia simu ya laini mbili mwaka wa nne huu. Laini ya kwanza ikisumbua nahamia ya pili, na nikizima na kuwasha inakumbuka niliko. Jaribu kutoa laini zote mbili kabla ya kusasisha, labda zinagongana.

FundiMakorora

Shikamoo mzee wangu. Laini hazihusiki hapa, ingawa umegusa kitu kinachofanana nacho. Ndani ya simu ya mama Salha kuna pande mbili za mfumo, na simu huwaka kwa upande mmoja tu kwa wakati. Nitafika huko.

Mama Salha, kwanza usiifute simu. Hicho ulichoeleza si kirusi, ni simu iliyojiokoa. Ila kabla sijasema zaidi naomba majibu matatu. Uliishika batani mara ngapi, kwa kukadiria? Kati ya mara moja na nyingine uliisubiri muda gani? Na una mtu mwenye laptopu na kebo hapo karibu?

MamaSalha_Ngamiani

Mara ngapi kwa hakika sijui. Mimi nasema sita, kijana wangu alikuwa kasimama pembeni anasema saba na anaapa. Kusubiri ni kama dakika mbili hivi, mara nyingine hazikufika. Laptopu anayo huyo huyo kijana, yuko chuo.

FundiMakorora

Hiyo "saba" ya kijana wako imenifurahisha, utaona kwa nini.

Nianze na alichosema Chuma, maana kwa simu yake ya zamani alikuwa sahihi. Simu zile zilikuwa na mfumo mmoja tu. Apdeti ikija, simu inazima, inawaka kwenye rikava, yaani ile hali ya matengenezo iliyo nje ya Android, kisha inaandika toleo jipya juu ya lile lile la zamani. Ikikatika katikati huna la zamani wala jipya. Ndiyo maana tuliwakataza watu kugusa simu, na ndiyo maana ilikuwa nusu saa ya kutazama kile kiroboti cha kijani.

Android 7 ya mwaka 2016 ilileta utaratibu mwingine. Sehemu zinazobeba mfumo zikawekwa mara mbili: kuna boot_a na boot_b, system_a na system_b, vendor_a na vendor_b. Sisi mafundi tunaziita sloti A na sloti B. Unapotumia A, apdeti inaandikwa B. A haiguswi hata chembe. Umeme ukikatika, betri ikiisha, ukiizima kwa makusudi, hakuna kinachoharibika kwa sababu mfumo unaoutumia haukuwa unaandikwa. Ukiwasha tena, kazi inaendelea ilipoishia. Data zako, yaani picha, meseji na programu ulizoshusha, haziko A wala B. Ziko sehemu moja tu inayotumiwa na pande zote mbili. Ndiyo maana ulirudi toleo la zamani ukakuta kila kitu kipo.

Kwa hiyo kaka Chuma, kusema apdeti haifanywi simu ikitumika, kwa simu ya namna hii si kweli. Imetengenezwa ifanyike ikitumika.

Chuma_wa_Sahare

Nakubali kuhusu kuandika upande wa pili. Lakini hapo pa kuzima na kuwasha ndipo panapoua. Ukishahamia B na B ni mbovu, umeisha. Tofauti iko wapi?

FundiMakorora

Tofauti iko hapo hapo pa kuhamia, na ndipo kisa cha mama Salha kilipo.

Kila sloti ina alama zake, na anayezisoma ni ile programu ndogo ya kwanza kabisa inayoamka ukibonyeza kuwasha, kabla ya Android yenyewe. Inaangalia mambo matatu: sloti ipi imepewa kipaumbele, je iliwahi kuthibitishwa kuwa imewaka salama, na imebakiwa na majaribio mangapi.

Apdeti ilipomaliza kuandika B, simu iliisoma tena yote na kulinganisha na hesabu iliyokuja nayo, kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichokusudiwa. Ilipokubali, ikaipa B kipaumbele, ikaiandika kuwa bado haijathibitishwa, na ikaipa idadi ya majaribio. Kwenye simu nyingi ninazozipokea hapa idadi hiyo ni saba. Kuanzia dakika hiyo, kuzimika kokote na kuwaka, hata betri ikiisha usiku umelala, simu itawaka kwa B.

Sasa simu inawaka kwa B kwa mara ya kwanza. Kabla ya kuikabidhi kazi, ile programu ndogo inapunguza moja: saba inakuwa sita. Android ikifanikiwa kuwaka mpaka mwisho, inaiandikia B alama ya mafanikio na hesabu ya majaribio haina kazi tena. Isipofika mwisho, kwa sababu yoyote, kuwaka kunakofuata kunapunguza nyingine. Ikifika sifuri bila alama ya mafanikio, B inaandikwa kuwa haifai kuwashwa, na simu inarudi A ambayo yenyewe ina alama yake ya mafanikio tangu zamani.

Angalia neno "kwa sababu yoyote". Ile programu ndogo haijui kama Android ilianguka yenyewe au kuna mtu aliishika batani. Inahesabu tu.

Mama Salha, hesabu nawe. Ulipobonyeza "Zima kisha uwashe", hilo ni jaribio la kwanza. Ukaishika batani, ikawa la pili. Ukaishika mara sita zikatimia saba. Ulipoishika mara ya saba majaribio yalikuwa yamekwisha, ikawaka kwa A. Kijana wako alihesabu sawasawa.

MamaSalha_Ngamiani

Subhanallah. Kwa hiyo ni mimi niliyeirudisha kwa mkono wangu? Na laiti ningesubiri ingefunguka?

FundiMakorora

Kwamba ingefunguka sina ushahidi, na siwezi kukuapia. Ninachoweza kusema ni kwamba dakika mbili ni chache. Kuwaka kwa kwanza kwenye toleo jipya si kama kuwaka kwa kila siku, simu ina kazi ya ziada hapo. Kati ya kazi hizo ni kusoma vipande vyote vya mfumo vilivyobadilika na kuhakikisha kila kimoja kinasomeka na hakijaguswa, kazi ya programu inayoitwa `update_verifier`. Toleo kubwa kwenye simu ya bei ya kawaida, mimi nasubiri mpaka dakika 15 kabla sijaigusa.

Na lile la B kuwa bovu silipi uzito sana, kwa kuwa lilishakaguliwa kabla hujaambiwa uzime. Inawezekana, ila si la kwanza kulifikiria.

Mwambie kijana aiunganishe simu na laptopu, aiingize kwenye hali ya fastboot, ile ya kupokea amri za kompyuta kabla Android haijawaka, aandike hivi:

```
fastboot getvar all
```

Yatatoka maneno mengi. Nataka mistari yenye neno `slot` tu. Amri hii inasoma, haibadilishi kitu, na haihitaji simu kufunguliwa kufuli.

Nassoro_Bagamoyo

Wakuu nadandia hapo hapo. Mimi niko Bagamoyo, simu yangu nimeiruti, yaani nimejipa mamlaka yote juu ya mfumo, kwa programu ya Magisk. Apdeti inashuka ila kila ikianza kusakinisha inakataa mwanzoni tu. Sasa nimesoma mahali kwamba naweza kuhamia sloti nyingine kwa amri `fastboot set_active b` na kupata mfumo msafi. Bodiloda yangu, ile programu ndogo ya kwanza kuamka, imefunguliwa. Nifanye?

FundiMakorora

Nassoro, usifanye. Nakuomba kabisa.

Kukataa mwanzoni kuna sababu rahisi. Apdeti nyingi hazibebi mfumo mzima, zinabeba tofauti tu: chukua kipande hiki kutoka A, kibadilishe hivi, andika B. Ili hesabu iende, A lazima iwe sawa na ile ya kiwandani, biti kwa biti. Magisk imebadilisha boot_a yako, hesabu haifungi, kazi inasimama. Kwa kuwa imesimama kabla ya kuhamia, hujapoteza kitu. Rudisha boot ya asili kwanza, sasisha, kisha uruti upya.

Kuhusu `set_active`: hiyo amri inaipa B kipaumbele na kuirudishia majaribio yake bila kuuliza kama ndani ya B kuna mfumo. Na kwenye simu za miaka hii, mara nyingi hakuna. Nitaeleza nikimjibu mama Salha, maana jambo ni lile lile.

MamaSalha_Ngamiani

Kijana karudi. Hii hapa, kanakili mwenyewe:

```
(bootloader) current-slot:a
(bootloader) slot-successful:a:yes
(bootloader) slot-unbootable:a:no
(bootloader) slot-successful:b:no
(bootloader) slot-unbootable:b:yes
(bootloader) slot-retry-count:b:0
```

Mimi naona herufi tu. Mnaona nini?

FundiMakorora

Naona kisa chako chote, mama.

Mstari wa kwanza unasema uko A. Wa pili, A ilishathibitishwa. Ya chini inasema B haijawahi kuthibitishwa, imewekwa kando, na majaribio yake ni sifuri. Kama mfumo wa B ungewaka hata mara moja ukafika mwisho, `slot-successful:b` ingekuwa `yes`. Na kwamba apdeti haikukataa kabla ya kuhamia, kama ilivyo kwa Nassoro, tunajua kwa kuwa simu yenyewe ilikwambia imemaliza, uzime kisha uwashe. Kwa hiyo iliandikwa, ikakaguliwa, ikapewa nafasi, nafasi zikaisha.

Hakuna kirusi hapo.

Mwl_Hamisi_Muheza

Samahani kuingilia. Mimi ni mwalimu, niko Muheza. Fundi umesema mfumo umewekwa mara mbili, na kwamba apdeti inaandikwa upande wa pili ulio wazi. Basi kwa nini simu yangu inakataa kusasisha ikidai nafasi haitoshi? Kama upande wa pili upo umekaa bure, nafasi ya nini tena? Simu ina GB 64 na nimebakiwa na GB 1 na kidogo.

FundiMakorora

Mwalimu, swali lako ndilo nililotaka mtu aulize, maana hapo juu nilirahisisha.

Kuweka kila kitu mara mbili kunakula nafasi nyingi. Kwa hiyo Android 11 ikaja na njia nyingine. Sehemu ndogo, kama boot, bado ni mbili mbili za kweli. Lakini zile kubwa, system, vendor na wenzao, zinakaa pamoja kwenye fungu moja linaloitwa `super`, na nakala ya pili haipo kwa ukamilifu.

Nitatumia kazi ya mama Salha. Fikiria daftari kuu la wakala. Umegundua kurasa kadhaa zinahitaji marekebisho. Hutaki kufuta chochote kwenye daftari kabla hujawa na hakika, kwa hiyo unachukua karatasi ya pembeni na kuandika: ukurasa wa 12 usomeke hivi, ukurasa wa 40 usomeke hivi. Anayetaka hesabu ya zamani anasoma daftari peke yake. Anayetaka hesabu mpya anasoma daftari pamoja na karatasi: kila ukurasa anaangalia kwanza kama karatasi ina neno, isipokuwa nalo anasoma daftari.

A yako ni daftari. B yako ni daftari lile lile likisomwa na karatasi juu yake. Karatasi inaandikwa kwanza kwenye nafasi iliyobaki ndani ya `super`, na isipotosha inaingia kwenye nafasi yako wewe, pale zinapokaa picha na video. Ndiyo maana mwalimu unaambiwa nafasi haitoshi. Kuanzia Android 12 karatasi hiyo inaweza kubanwa ipungue, lakini haijawa bure.

Majaribio ya B yalipokwisha kwa mama Salha, simu iliichana karatasi. Daftari halikuwa na doa. Ulipouliza toleo jipya limeenda wapi, limeenda huko. Litashushwa upya, na bando litaliwa tena, kwa hiyo tafuta waifai.

Chuma_wa_Sahare

Na kama B imewaka vizuri? Karatasi inakaa milele?

FundiMakorora

La. B ikishapata alama ya mafanikio, simu inaanza kunakili karatasi ndani ya daftari, pole pole, huku unaitumia. Ikimaliza, karatasi inatupwa na nafasi yako inarudi. Ukizima katikati ya kunakili hakuna hasara, ikiwaka inaendelea ilipoishia, kwa kuwa karatasi bado ipo kamili.

Lakini tazama: ikishaanza kunakili, toleo la zamani halipo tena. Daftari limeshaguswa. Hakuna A ya kurudi. Nassoro, ndiyo maana nilikukataza. Simu kama yako, apdeti ya mwisho ikishanakiliwa, "sloti nyingine" ni jina bila mwenyewe: boot ya zamani ipo, system yake haipo. Ukiilazimisha utakaa kwenye nembo mpaka majaribio yaishe.

Kuna na hatari kubwa zaidi ya hiyo. Agosti 2022 Android 13 ilipotoka kwa simu za Google, Pixel 6, 6 Pro na 6a, ilikuja na programu ya kuwashia yenye kizuizi cha kurudi nyuma. Sloti ya pili ilikuwa bado na programu ya zamani isiyokubalika tena. Google wenyewe wakawaonya wanaoflashi, yaani wanaoandika mfumo wenyewe kwa kompyuta, waweke programu mpya kwenye sloti zote mbili, la sivyo simu ikijaribu kuwaka kwa upande wa zamani haitawaka kabisa. Aliyesasisha kwa njia ya kawaida akaacha simu ifanye yenyewe hakuwa na haja ya kuhangaika. Anayehamisha sloti kwa amri ndiye aliye hatarini.

Nassoro_Bagamoyo

Nimeelewa mkuu. Nimeiacha. Nitatafuta boot ya asili.

MamaSalha_Ngamiani

Fundi, nina jambo moja linanitisha kabla sijarudia. Umesema data ni moja, inatumiwa na pande zote. Sasa zile mara saba B ilipojaribu kuwaka, kama ilishaanza kupanga upya meseji zangu kwa mtindo wa toleo jipya, halafu A ikarudi ikakuta zimepangwa kigeni, si zingeharibika? Mimi meseji za miamala ndiyo ushahidi wangu mteja akibisha.

FundiMakorora

Mama, swali hilo mafundi wengi hawaliulizi.

Lilikuwa tatizo la kweli mwanzoni. Kuanzia Android 10, simu nyingi zikaongezewa kinga yake. Toleo jipya linapowaka mara ya kwanza, kila linachoandika kwenye data zako kinaandikwa kama kwa penseli. Ile hali ya data ilivyokuwa kabla inashikiliwa. Simu ikifika mwisho wa kuwaka, penseli inapigwa wino na hapo hapo ndipo B inapopewa alama ya mafanikio. Isipofika, penseli inafutwa, na toleo la zamani linakuta data kama lilivyoiacha. Mara saba zako zote zilikuwa penseli.

Hata hivyo toa nakala ya meseji hizo kabla ya kurudia. Kinga hiyo inalinda dhidi ya kuwaka kulikoshindwa. Hailindi dhidi ya simu kuanguka baharini.

Mwl_Hamisi_Muheza

Hapo sasa mimi napinga kidogo. Mke wangu alisasisha simu yake, ikawaka vizuri, na tangu siku ile maikrofoni haifanyi kazi akipigiwa. Haikurudi toleo la zamani. Kama simu inajiokoa, mbona hiyo haikujiokoa?

FundiMakorora

Kwa sababu iliwaka, mwalimu. Kipimo cha simu ni kimoja: je, mfumo umesomeka salama na umefika mwisho wa kuwaka? Haipigi simu kujaribu maikrofoni, haichukui picha kujaribu kamera. Ya mkeo ilifika mwisho, ikapata alama, karatasi ikanakiliwa. Kuanzia hapo kurudi nyuma ni kuflashi kwa kompyuta na data zote kufutwa, kama kampuni inaruhusu. Huo ndio mpaka wa ulinzi huu, na watu wengi wanaudhania kuwa mpana kuliko ulivyo.

Lakini kwanza mwombe ajaribu kurekodi sauti kwa programu ya kurekodi. Ikirekodi vizuri, tatizo ni la mfumo na apdeti ijayo inaweza kulitibu. Isiporekodi, huenda maikrofoni ilikufa siku hiyo hiyo kwa bahati mbaya. Nimeshakutana na zote mbili.

Chuma_wa_Sahare

Na simu yangu mimi nitajuaje kama ni ya namna hii? Isije ikawa ni ile ya zamani nikajiamini.

FundiMakorora

Kwa kompyuta, simu ikiwa imewaka na utatuzi wa USB umewashwa:

```
adb shell getprop ro.boot.slot_suffix
adb shell getprop ro.virtual_ab.enabled
```

Ya kwanza ikijibu `_a` au `_b`, una sloti mbili. Ikijibu tupu, una mfumo mmoja na ushauri wako wa mwanzo unabaki: chaja ukutani na usiguse. Ya pili ikijibu `true`, ni ile ya karatasi na daftari. Usihukumu kwa mwaka wa simu wala kwa bei. Samsung kwa mfano walikaa na mfumo mmoja miaka mingi, simu yao ya kwanza kuja na utaratibu huu ni Galaxy A55 ya mwaka 2024.

Bila kompyuta, kumbuka apdeti yako ya mwisho. Kama ilizima na kukuonyesha mstari wa asilimia kwa nusu saa, ni mfumo mmoja.

Chuma_wa_Sahare

Yangu imejibu tupu. Afadhali nimejua. Lakini bado nasema chaja ni muhimu hata kwa yenye mbili.

FundiMakorora

Hapo hatugombani. Chaja inasaidia ili kazi isisimame, na simu nyingi zenyewe zinakataa kuendelea betri ikiwa chini. Nilichopinga ni hofu ya kufa tu.

MamaSalha_Ngamiani

Nimerudi na habari. Jana nilifunga kibanda saa 2 usiku, nikatoa nakala ya meseji, nikaanza upya. Katikati ya kusakinisha umeme ukakatika mtaa mzima na waifai ya jirani ikazimika. Moyo ulinidunda, nikakumbuka maneno yenu, nikaiacha. Umeme uliporudi ikaendelea kutoka asilimia ile ile.

Ilipoomba kuzima nikabonyeza, nikaiweka juu ya kabati, nikaenda kuosha vyombo. Kijana alikaa na saa. Nembo ilikaa dakika sita na nusu. Sita na nusu, wakuu, na mimi Jumamosi nilikuwa naipa mbili! Ikafunguka, toleo jipya, meseji zote zipo. Kijana kaandika ile amri, imejibu `_b`.

Ila usiku kucha ilikuwa ya uvuguvugu na asubuhi betri imeshuka zaidi ya kawaida. Nafasi nayo imepungua kama GB 2 kuliko jana. Ndiyo ule unakili?

FundiMakorora

Alhamdulillahi. Ndiyo, yote mawili yanaelekea huko. Iache kwenye chaja usiku mmoja mwingine, kisha angalia tena hiyo nafasi. Na kama mtu atakushauri kuifuta simu leo, mwambie asubiri: rikava yenyewe hutaka unakili uishe kwanza, maana sehemu ya karatasi iko kwenye data zako.

MamaSalha_Ngamiani

Jioni hii GB 2 zimerudi na simu imepoa. Asanteni sana. Mzee wa Pangani, laini zangu zote mbili nazo ziko salama.

Mwl_Hamisi_Muheza

Hongera mama. Mke wangu amerekodi sauti, inasikika safi kabisa, ila akipigiwa bado kimya. Na mimi nimefuta video za mahafali, nina GB 3.2 sasa, bado inasema haitoshi. Fundi, inataka ngapi?

FundiMakorora

Haihitaji kiasi kimoja kwa kila simu, mwalimu. Inategemea kurasa ngapi zinabadilika. Nipigie picha ujumbe wenyewe unavyosomeka, simu nyingine huandika pale pale ni kiasi gani kimepungua. Na ya mkeo, muulize akiweka spika ya nje wanamsikia?